Sponji Inakunywa Faundesheni Kabla ya Uso

Binamu yangu alikuja kwangu Tabata na chupa tupu mkononi. "Dada, hii ya mililita 30 nimeinunua mwanzo wa mwezi na imeshaisha. Au wameniuzia feki?" Nikamwomba sponji anayopakia. Niliiloweka kwenye bakuli jeupe nikaikamua, maji yakatoka rangi ya chai ya maziwa. Nikayamwaga, nikaweka mengine, mara nne, na bado hayajatakata. Faundesheni haikuwa feki. Sehemu kubwa ilikuwa humo ndani ya sponji.

Kumbe alikuwa anaminya pampu mbili moja kwa moja juu ya sponji kavu. Sponji ni matundu matupu, na ikiwa kavu inafyonza chochote kilicho majimaji. Ndiyo maana huloweshwa kwanza, ili maji yajaze yale matundu na faundesheni ibaki juu juu. Iache ivimbe kabisa, ikamue kwa mkono, kisha ikunje kwenye taulo uikamue tena. Ukiigusisha nyuma ya kiganja usikie ubaridi, lakini isiache unyevu. Ikibaki na maji mengi, faundesheni inachujuka na kuacha mabaka, hasa zile zenye silikoni nyingi, kwa sababu hazipatani na maji. Na usiminyie juu ya sponji. Minyia nyuma ya kiganja, uchovye kidogo kidogo.

Hata ukifanya yote hayo, mimi siamini kwamba sponji peke yake inamfaa kila mtu, ingawa video nyingi za mekapu zinatuonyesha hivyo. Kila unapoigonga usoni, inaweka rangi kidogo na kuondoka na nyingine. Tabaka linakuwa jembamba, ngozi inaonekana ngozi, na huo ndio uzuri wake. Lakini mwenye madoa ya chunusi kama binamu yangu anaona bado hayajafunikwa, anaongeza, na sponji inachukua tena sehemu yake. Pampu ya pili inaanzia hapo.

Tukamkalisha dirishani tukaugawa uso. Pampu ya chupa yake hutoa kama nusu mililita. Upande wa kulia nilitumia brashi, ile nene yenye kichwa bapa kilichoshonana nywele, na nusu pampu tu. Nikaanza kwa kugonga kwenye madoa, halafu nikazungusha taratibu kuelekea taya. Upande wa kushoto nikatumia sponji iliyoloweshwa, nusu pampu vilevile. Kulia madoa yalipotea. Kushoto yalibaki yanachungulia, na ilibidi niongeze nusu nyingine ndipo pande zilingane.

Ila brashi nayo ina deni lake. Kwa mbali shavu la kulia lilikuwa safi, lakini ukisogea ulikuta vijistari vyembamba kwenye taya na rangi imekaa juu ya vinyweleo kama vumbi. Nikachukua sponji ileile, nikaisafisha, nikaikamua, na bila kuongeza faundesheni nikaigandamiza upande ule. Ikanyanyua ziada, vijistari vikaisha, madoa hayakurudi. Yaani sponji ilifanya kazi yake nzuri bila kunywa chochote cha maana.

Kwa hesabu hiyo, uso mzima ni pampu moja, nusu mililita. Alikuwa anatumia mbili, mililita moja kwa siku, na chupa ya mililita 30 ikamalizika kwa siku 30. Kwa pampu moja itafika siku 60.

Brashi yenyewe iwe ya nywele za sintetiki, kwani nywele za mnyama hufyonza majimaji. Ile nyembamba, bapa kama ya kupakia rangi ukutani, mimi niliiacha, inachora mistari hata uwe na mkono mwepesi vipi.

Vidole sivipuuzi. Siku za kazi navitumia zaidi ya vyote, kwa sababu joto lake linalainisha faundesheni, hasa ya krimu au ya kijiti, na hakuna kinachopotea zaidi ya kile kidogo kinachobaki kwenye ncha. Kufunika kwake ni kwa wastani, na ngozi hung'aa kidogo. Nagonga kwa kidole cha pete katikati ya uso, pale penye madoa, na pembeni naacha ngozi yangu. Ukisugua badala ya kugonga, unang'oa losheni iliyo chini na inajikunja kama mabaki ya kifutio cha penseli. Na kama umetoka kupaka mafuta ya nywele, nawa kwa sabuni kwanza, la sivyo faundesheni itateleza kabla ya saa nne asubuhi, na jua letu la Dar halisubiri.

Sponji ya binamu yangu nilipoikata katikati ilikuwa na vidoti vyeusi, ukungu. Alikuwa anaifungia kwenye pochi ikiwa mbichi. Mpya tuliyonunua inakauka dirishani, kwenye kikombe kisicho na mfuniko.