Mita ya LUKU imeizidi benki akili

Wiki mbili zilizopita nilikwenda benki kumlipa fundi wangu wa madirisha ya aluminiamu laki tatu na nusu. Akaunti yake ipo benki nyingine, na programu ya benki yangu kwenye simu siku hiyo ilikuwa imegoma, kwa hiyo nikajaza fomu ya karatasi, kalamu yenyewe imefungwa kamba kama mbuzi. Katikati ya namba ya akaunti niliandika 57. Dada wa dirishani akachapa 75. Pesa ikaenda kwa mtu nisiyemjua, fundi akaanza kunipigia simu mara tatu kwa siku, na mimi nikawa mgeni wa kudumu kwenye kochi la huduma kwa wateja.

Jibu nililopewa pale ndilo lililonikalisha chini kuandika: "Kaka, siku nyingine uwe makini." Niwe makini! Makosa yamefanyika upande wao wa kioo, ila makini niwe mimi.

Jioni hiyohiyo nikanunua umeme. Hasira bado zimenijaa, nikakosea namba ya mita, na hapohapo nikaambiwa namba si sahihi. Sikuunguza hata shilingi. Nikabaki naitazama simu. Umeme wa elfu tano unalindwa, laki tatu na nusu haina wa kuilinda?

Siri ipo kwenye tarakimu ya mwisho. Mita za umeme zinazofuata mfumo wa STS, ule ulioanzia Afrika Kusini, kama hizi za LUKU, kwa kawaida zina namba ya tarakimu 11. Mbili za mwanzo ni za mtengenezaji, nane zinazofuata ni za mita yenyewe, na ile ya 11 haielezi chochote kuhusu mita. Inapatikana kwa kukokotoa zile kumi za mbele yake. Ni askari wa getini tu: ukikosea huko ndani, yeye hakubaliani na wewe.

Hesabu yake inaitwa Luhn, kwa jina la Hans Peter Luhn wa IBM, aliyeiombea hataza mwaka 1954 na kuipata 1960. Kwa hiyo tusiambiwe kwamba teknolojia bado haijatufikia. Tuchukue namba ya mfano 0048157263 (msirushe pesa humo). Unaanzia kulia: tarakimu ya kwanza unaizidisha kwa mbili, ya pili unaiacha, ya tatu unaizidisha, hivyo hivyo hadi mwisho. Ikizidi tisa, toa tisa. Kisha jumlisha.

```
0 0 4 8 1 5 7 2 6 3
0 0 4 7 1 1 7 4 6 6   = 36
```

Ili 36 ifike kwenye kumi kamili inadai 4, basi 4 ndiyo inayobandikwa mwishoni: 00481572634. Sasa mwache dada wa dirishani achape 75 badala ya 57. Ile 7 ndiyo inayozidishwa safari hii, inakuwa 14, ukitoa tisa inabaki 5. Na 5 inabaki 5. Jumla inapanda hadi 38, ukiongeza ile 4 ya mwisho unapata 42. Si kumi kamili. Kompyuta inakataa kabla hata mhuri haujagonga karatasi.

Ujanja wote upo kwenye kule kuzidisha moja na kuacha nyingine. Ungejumlisha tu, 5 na 7 ni 12 na 7 na 5 ni 12, na kosa lingepita likipunga mkono. Na vidole vyetu hupenda makosa mawili hasa: kukosea tarakimu moja, na kubadilishana nafasi mbili zilizo jirani. Luhn inakamata yote ya aina ya kwanza, na ya aina ya pili inakamata yote isipokuwa 09 ikigeuka 90 au 90 ikigeuka 09, kwa sababu 9 ikizidishwa na kutolewa tisa inarudi kuwa 9 ileile.

Jambo ninalotaka wenye mabenki walisikie ni hili. Benki ikigawa namba kwa kufuatana tu, 101, 102, 103, basi kila akaunti ina jirani anayengoja kosa lako. Ukiteleza kidole kimoja unaangukia sebuleni kwa mtu. Ukiweka tarakimu ya uhakiki, kama ile ya 11 kwenye mita, hakuna namba mbili halali zinazotofautiana kwa tarakimu moja pekee. Kila akaunti inazungukwa na uwanja mtupu, na anayeteleza anaangukia uwanjani, pesa ikiwa bado mfukoni mwake.

Najua kuna benki zinazoweka tarakimu hizo. Haya, hongereni. Lakini kila mmoja akiwa na hesabu yake aliyoifungia kabatini, benki inayotuma haiwezi kukagua namba ya benki inayopokea. Inatuma tu, halafu inasubiri kuambiwa. Hapo ndipo ninapoionea wivu IBAN, namba ya akaunti inayofuata mfumo mmoja wa kimataifa. Binamu yangu yuko Ujerumani, namba yake ina herufi na tarakimu 22: DE, kisha tarakimu mbili za uhakiki, kisha benki na akaunti. Popote ilipo duniani, kompyuta inahamishia vile vinne vya mwanzo mwishoni, inageuza herufi kuwa namba (A ni 10, B ni 11, hadi Z ni 35), inagawanya lote kwa 97. Baki lazima liwe 1. Haihitaji kupiga simu Frankfurt. Na ukichapa upuuzi mtupu, nafasi ya kupita kwa bahati ni kama moja kati ya 97, wakati kwa Luhn ni moja kati ya kumi. Burundi hapo jirani wana IBAN yao, ndefu ya herufi na tarakimu 27. Ndiyo, inachosha kuichapa. Kulala kwenye kochi la huduma kwa wateja kunachosha zaidi.

Mtaniambia ukituma pesa kwa simu jina linatokea kabla ya kuweka namba ya siri. Ni kweli, na ni kinga nzuri, nakubali kwa shingo upande. Namba ya simu haikuumbwa kubeba pesa, haina tarakimu ya uhakiki, kwa hiyo jina ndilo pekee tulilonalo. Na jina linakamata kitu ambacho hesabu haiwezi: ukinakili kwa usahihi kabisa namba ya mtu mwingine, Luhn na 97 zote zitakupitisha kwa heshima zote. Ila jina linasomwa na binadamu. Mama yangu mkubwa hulibonyezea "kubali" bila kuvaa miwani, na ukimuuliza anasema "si limeandikwa Hassan?" Hassan wapo wangapi Tanga?

Siku ya tisa pesa ilirudi, imekatwa gharama za muamala. Aliyeipokea alikuwa muungwana, hakuigusa. Lakini fikirieni: 57 ikageuzwa 75, na namba hiyo nayo ikawa akaunti hai ya mtu. Hesabu yoyote ya maana ingeikataa. Nikamuuliza dada wa dirishani kama namba zao zina tarakimu ya uhakiki. Akanitazama kwa huruma, akaniuliza, "Tarakimu ya nini, kaka?" kisha akanisogezea fomu nyingine nimlipe fundi upya.