Tofali zimetosha, sasa tuonyesheni paa

Jumapili iliyopita usiku, kwenye grupu letu la wazawa, katibu wa kamati ya ujenzi katupia faili la slaidi kumi na nne, mchango wa madarasa mawili ya shule ya msingi kijijini kwetu huko Muheza. Nimelipitia lote, nikalala, asubuhi nikalipitia tena, na bado moyo umekuwa mzito, ndo maana naandika. Nataka hayo madarasa yaishe. Nimesoma pale, nimekaa chini pale, na watoto wa dada yangu wanasoma pale leo.

Slaidi ya kwanza salamu, ya pili picha ya kompyuta ya jengo lililopakwa rangi na maua mbele, ya tatu historia ya shule. Ya tano ndo gharama, imeandikwa milioni 46, chini yake mistari minne: vifaa, ufundi, usafiri, dharura. Basi. Halafu slaidi ya sita kubwa kabisa, "CHANGIA TOFALI, tofali moja shilingi 1,500", na picha ya mtoto kashika tofali.

Sina ugomvi na hiyo milioni 46. Serikali ilipojenga madarasa kwa fedha za Uviko 2021 ilitenga milioni 20 kwa darasa moja, na bei ya saruji na nondo ya leo sio ya wakati ule, kwa hiyo kamati haijazidisha, hilo nalikubali. Ugomvi wangu ni hiyo slaidi ya tofali.

Tupige hesabu pamoja, sio ngumu. Madarasa mawili yameunganishwa, kila moja mita 9 kwa 7 ndani. Kuta mbili ndefu za mita 18 na nusu, kuta tatu fupi za mita 7, jumla mita 58 za ukuta. Tofali la inchi 6 likisimama na udongo wake linakula kama sentimita 46 za urefu, kwa hiyo kozi moja kuzunguka jengo lote ni tofali kama 126. Ukuta wa mita 3 ni kozi 13. Toa milango na madirisha, ongeza za kuvunjika, unapata tofali 1,600. Msingi wetu ni wa mawe, hauhitaji tofali. Sasa 1,600 mara 1,500 ni milioni 2 na laki 4.

Yaani tofali zote za jengo zima, kila moja, ni milioni 2.4 ndani ya milioni 46! Katika kila shilingi mia, tofali ni shilingi tano. Na hiyo shilingi tano ndo imepewa slaidi nzima na picha ya mtoto, wakati zile tisini na tano hazina hata mstari unaoeleweka.

Mtu wa Dar akituma elfu thelathini anasema nimetoa tofali ishirini, anajisikia kajenga, na ana haki ya kujisikia hivyo maana ndivyo alivyoambiwa. Wakituma watu themanini wa hivyo tofali zimeisha. Zikiisha ukuta unapanda, picha inatumwa grupu, watu wanapiga makofi, na kwenye akili ya kila mchangiaji kazi imekwisha. Kamati ikirudi kuomba hela ya paa watu wanauliza "si tulishatoa?" Hapo ndo pesa inapokauka, na wala sio kwa roho mbaya.

Nimemuomba fundi anipe mchanganuo kwa hatua na sio kwa mafungu ya vifaa na ufundi, akanitajia kwa simu ndani ya dakika kumi. Msingi mpaka jamvi, lile zege la chini, milioni 10. Kuta mpaka juu pamoja na lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, milioni 8. Kupaua milioni 13. Milango, madirisha, plasta, sakafu na rangi milioni 15. Ukiangalia hivyo unaona mara moja kwamba boma likisimama, lile ambalo kila mtu atalipiga picha, limekula milioni 18 tu na bado 28 zinadaiwa. Zaidi ya nusu ya jengo iko baada ya makofi.

Na kuna jambo jingine ambalo wenzetu wa mjini hawalijui sababu hawajawahi kusimama saiti. Hatua hazifanani katika kusubiri. Msingi uliomwagwa jamvi unaweza kukaa mwaka mzima, utaota majani tu pembeni, utafagia na kuendelea. Ukuta ulio wazi juu hauwezi. Mvua inaingilia kichwani, inashuka kwenye viungo, udongo wa saruji uliochanganywa kwa ubahili unaanza kumong'onyoka, nondo zilizoachwa zimechomoza juu zinakula kutu mpaka zinabanduka magamba. Kwa hiyo mahali pa kusimama kungoja hela ni kwenye jamvi. Ukianza kupandisha kuta uwe unajua paa litatoka wapi.

Nasema hivi kwa uchungu maana tunalo kaburi la namna hiyo palepale shuleni. 2016 tulichangishana nyumba ya mwalimu, ikafika kwenye lenta, hela ikaisha. Mwaka wa kwanza tulisema tutamalizia baada ya mavuno. Mwaka wa tatu mpapai ulishaota chumbani. Alipoitwa fundi mwingine kuangalia, aligonga kozi za juu kwa nyundo tu, akasema hizi tatu mnabomoa na nondo zote za lenta mnaanza upya. Hakuna aliyeiba pale. Marehemu baba alikuwa kwenye ile kamati na najua walivyokuwa wanatembea kwa miguu kukusanya mia tano mia tano. Pesa ya watu maskini ikaliwa na mvua.

Sasa turudi kwenye picha. Slaidi ya nane mpaka ya kumi na moja ni "maendeleo ya ujenzi". Viongozi wamesimama na koleo, mwenyekiti kashika pipa la maji, mafundi kwa karibu, na moja tu inayoonyesha ukuta. Hiyo moja nikaikuza kwenye simu nikahesabu kozi: tisa, usawa wa lenta. Pembeni imeandikwa "tofali 1,600 zimetumika". Kozi tisa ni kama 1,134, toa nafasi za milango na madirisha zinabaki 960. Tofali 640 ziko wapi?

Nikampigia katibu, ni mwalimu wa pale, namheshimu sana. Nikamwambia shikamoo mwalimu, samahani, naomba nielewe hizi tofali. Akanyamaza kidogo. "Marahaba mwanangu. Zipo nyuma ya stoo, zimepangwa, 520. Na kama 120 zilivunjika, yule wa lori alizibeba hazijamwagiliwa hata siku nne." Na kweli, jioni alinitumia picha, zile pale zimepangwa vizuri zimefunikwa makuti, zinazotosha kozi za juu ya lenta. Mzee wa watu hajala hata tofali moja, lakini slaidi yake ilimfanya aonekane kala laki tisa na elfu sitini. Neno "zimetumika" badala ya "zimenunuliwa", na picha iliyopigwa upande mmoja, na mimi tayari nilishaanza kumfikiria vibaya mwalimu aliyenifundisha kuandika. Nimeumia kwa hilo kuliko kwa kitu kingine chochote.

Kwa hiyo picha ni ushahidi, tuzipige kama ushahidi. Chomekeni kijiti pembeni ya uwanja, kila Jumamosi mtu asimame palepale, apige jengo lote kona ileile, tarehe iandikwe. Mtu mmoja asimame ukutani ili urefu uonekane. Na picha nyingine ya stoo, vilivyonunuliwa ambavyo havijatumika. Hizo mbili zinatosha, za koleo wekeni kwenye albamu ya kijiji.

Kuna wanaopenda kutoa kitu badala ya hela, "mimi natoa mifuko ishirini ya saruji". Mungu awabariki, lakini saruji ikija leo na plasta ni ya mwezi wa tisa, itakaa stoo yenye unyevu wa Muheza na itaanza kuganda mabonge. Ukiufikicha unga wake ukakuta mabonge yasiyovunjika kwa vidole, hiyo msiipeleke kwenye zege. Bora mtu aahidi sasa, ailete wiki inayotakiwa, na slaidi iseme wiki hiyo ni ipi.

Namba ya kutuma hela iliyowekwa ni ya simu ya mweka hazina, jina lake binafsi. Simtuhumu. Ila akaunti ya shule yenye watia saini watatu ipo, iwekwe hiyo, na anayetuma atumiwe risiti. Mtu akifariki au simu ikiibiwa tutazungumza nini?

Niliyomuomba mwalimu ni haya. Slaidi ya tofali iondoke kabisa, tofali zimeshapatikana. Mahali pake iwekwe slaidi ya paa, na paa nalo ligawike vipande ambavyo mtu wa kawaida anaweza kuvibeba. Fundi kasema kenchi 15, zile fremu za mbao zinazobeba bati, kila moja mbao, misumari na kuunda inafika laki 2 na elfu 80. Bati kama 120, geji 28, kwa elfu 38. Hapo ni milioni 8 na kitu, zilizobaki kufika 13 ni papi, fishabodi, kofia, dawa ya mbao na ufundi. Mtu anayeweza tofali ishirini anakosa elfu nane tu kufika bati moja. Familia moja au darasa letu la mwaka 1998 tunaweza kushika kenchi. Na kila slaidi iwe na mstari unaosema kenchi ngapi zimeshapata mwenyewe na ngapi bado.

Mwalimu akaniuliza, sasa mvua ikitukuta kabla? Maana masika yanaanza mwezi wa tatu, na leo paa lina milioni 3 na laki moja tu. Nikamuuliza fundi nikamrudishia majibu: mwageni lenta izunguke yote ifunge kuta, kozi za juu zisipandishwe kwanza, zile 520 zibaki chini ya makuti, kichwa cha lenta kipigwe udongo wa saruji wenye mteremko maji yasitulie, nondo zilizochomoza zipakwe uji wa saruji na kufungwa nailoni. Kazi ya siku tatu hivi kwa fundi na vibarua wawili. Lenta tayari ina hela yake kwenye zile milioni 8, na hizo za paa zisiguswe kwa kitu kingine.

Jana usiku slaidi mpya imetumwa. Ni tisa sasa. Picha ya ukuta na picha ya stoo ziko pamoja, tarehe ipo, akaunti ni ya shule. Kwenye ukurasa wa paa kenchi ya kwanza imeandikwa jina la marehemu baba, tumeishika mimi na ndugu zangu. Zimebaki kumi na nne.