Nilivyobishana bei na pamba

Hapa Karume wananiitaga Mama Punguzo na hilo jina sijaliomba. Nauza magauni ya mtumba, mwaka wa 6 huu, na ugonjwa wangu ulikuwa mmoja tu, nikishataja bei siwezi kukaa kimya. Mteja anashika gauni, nasema 15, anageuza aangalie zipu, basi zile sekunde 2 za kimya mie moyo unadunda kama nimemuibia, najikuta nasema ila kwako 12, hajafungua mdomo huyo, labda anawaza mboga ya jioni, mie nishafika leta 10 basi dada angu tusikosane.

Sasa siku moja ya jumamosi nimetoka kufungua balo jana yake. Wanaojua mtumba wanajua asubuhi ya balo jipya ndo asubuhi yenyewe, wale wadada wa maofisini wanakuja mapema kuwahi zile kali kabla hazijashikwashikwa, mchana ukishafika unabaki na sisi wa kuchambua. Na humo kwenye balo nilikuwa nimeokota gauni moja la kijani, refu, la pliti, bado lina tagi ya dukani huko lilikotoka. Nikalipiga pasi nikalitundika mbele kabisa nikajiapia kwa marehemu bibi yangu, hili 25 na halishuki.

Akaja mdada mmoja, pochi begani, kashika shavu. Akaliona. Akalishusha kwenye henga akajipima juu ya nguo zake, akanitazama akainua nyusi, ile ya shingapi.

Nikasema hilo 25 dada.

Kimya.

Ila kwa vile unanifungulia biashara lete 20.

Kimya, ananitazama tu na macho yamemtoka. Mie nikaona huyu mgumu, hawa ndo wale waliozoea soko. Nikamwambia 18 sasa, angalia tagi hiyo, mpya kabisa hilo. Akaguna mmm. Ile mmm nikaisikia kama dharau, nikasema haya 15, mama angu ata mtaji wangu urudi. Akafumba macho akatikisa kichwa taratibu, kumbe maskini anasikia maumivu, mie nasema uwiii anaondoka huyu, 12! Akanyoosha mkono vidole vitano. Hapo nikapandisha sauti, aa dada tano hapana, tano hapana kabisa jamani balo limepanda we huoni hali, mwisho kabisa 8, haya 7, haya chukua 6 nimekupa bure hiyo sina hata nauli.

Yule dada akatoa simu kwenye pochi akaandika kitu akanigeuzia kioo nisome. Nakumbuka neno kwa neno.

Samahani dada nimetoka kung'oa jino nimeng'ata pamba daktari kasema nisiongee. Nilikuwa nakwambia subiri nitoe simu nikutumie hiyo 25. Ila kama ni 6 nashukuru sana Mungu akubariki

Na kweli akatuma 6,000. Akaongezea na ya kutolea.

Jirani yangu Mama Mikoba alikuwa kaona mchezo mzima toka mwanzo, alicheka mpaka akakalia mikoba ya watu ikabonyea. Anafuta machozi ananiambia, shoga, leo umebishana na pamba, na pamba imekushinda.

Nilinuna mpaka saa kumi. Jioni akaja na daftari, akasema haya tupige hesabu wewe unafikiria nini ukishusha. Nikamwambia mimi najua, balo nimenunua 450,000, kubeba na vikorokoro ikafika 470,000, nguo zimetoka 160, kwa hiyo kila moja imenisimamia kama 3,000 hivi, nikiuza 5 au 6 si faida hiyo. Akanitazama kama mwanangu aliyefeli. Akasema nenda kamwuzie mtu hilo lenye doa la mafuta kwa 3,000 nikuone.

Ndo hapo nilipoelewa. Zile 160 siyo sawa. Mle kulikuwa na 60 za kumwaga chini, madoa, zipu mbovu, saizi za ajabu, zile ukiuza kwa buku umshukuru Mungu, 60,000 hiyo. Za kati 75, tuseme 4,000 moja, 300,000. Jumla 360,000 na bado mtaji haujarudi, inatakiwa 110,000 nyingine, na kilichobaki ni zile kali 25 peke yake. Nikiziuza 5,000 kama nilivyozoea napata 125,000, yaani wiki 3 za jua na vumbi faida yangu 15,000. Nikiziuza 15 ni 375,000, faida 265,000. Balo lile lile. Miaka yote nilikuwa najishangaa mbona nauza sana na sioni hela, kumbe zile nguo zinazotakiwa kubeba mizoga mingine yote ndo nazigawa mimi mwenyewe asubuhi hata kabla ya chai.

Dawa akanipa yeye. Alinunua ubuyu wa jero akaniwekea mezani, akasema taja bei mara moja, tia ubuyu mdomoni, usiseme neno mpaka mbegu iishe utamu. Nikaona utoto. Nikajaribu hivyo hivyo. Na kwenye kila kali nikabana kikaratasi kwa pini ndani ya kola, namba mbili, ya kutaja na ya mwisho, maana kichwa changu kikianza kuhurumia watu hakina breki.

Mteja wa kwanza mama mmoja, gauni la 18, mwisho 14. Nikasema 18, nikatia ubuyu. Jamani nilitoka jasho. Anageuza, anavuta mshono, ananusa, mie nanyonya. Akasema 10. Nikatikisa kichwa. Akasema mbona unanifanyia hivi, 12. Mie nanyonya tu. Akasema haya 15 na usinikasirikie. Nilitaka kulia, katoka 10 mpaka 15 anajibishia mwenyewe, yaani ndo mimi kabisa.

Siyo kila saa lakini. Zile za kumwaga chini ukinyamaza utalala nazo, pale ni kupanda juu ya stuli na kupayuka buku buku buku mpaka koo likauke, na siku ya mvua hata kali nashuka, ila naishia kwenye namba ya pini. Na ubuyu nao una mambo yake, mara mbili nimemeza mbegu, na ulimi na meno yanakuwa mekundu kama nimekula mtu.

Sasa mwezi uliopita nimekaa zangu, shavu limetuna ubuyu tatu, nainua macho namwona yule dada wa jino na amevaa lile gauni la kijani, limemkaa balaa. Kashika jingine la bluu. Nikasema 20, nikafunga mdomo. Akasubiri nishuke. Nikanyamaza. Akasubiri tena, naona anatabasamu anangoja 6 yake. Mie shavu limevimba, macho yananitoka kwa kujizuia, na mate mekundu yakanichuruzika kidogo pembeni ya mdomo.

Uso ukambadilika. Akanishika bega, masikini pole, na wewe umeng'oa?

Nikatikisa kichwa ndiyo.

Akatuma 20,000 yote. Na ya kutolea.