Tarehe 30 Februari Sio Makosa ya Uchapishaji

Ukifungua kurasa za nyuma kabisa za The Lord of the Rings ya Tolkien, zile nyongeza ambazo wengi wetu tunaziruka, utakuta orodha ya matukio siku kwa siku na katikati yake kuna tarehe 30 Februari, siku ambayo wale wachungaji wa miti wanaanza kikao chao. Nani ana 30 Februari jamani? Mahobiti wanayo, wale watu wafupi wa stori yake. Kalenda yao ina miezi 12 na kila mwezi una siku 30, hakuna 28 wala 31, na mwandishi akishaamua hivyo basi inabidi aishi nayo hata pale inapoonekana kichekesho.

Naandika hii kwa sababu naona watu kibao wanaoandika fantasi mitandaoni wanaanza na majina ya miezi, Mwezi wa Joka, Mwezi wa Damu, kisha wanatupa historia ya miaka elfu kumi kwenye sura ya kwanza, halafu kwenye stori yenyewe hakuna hata mtu mmoja anayechelewa kitu au kubishania tarehe. Mi naona kalenda inaanza kufanya kazi pale inapomsumbua mtu, mhusika au mwandishi mwenyewe.

Hebu tuipige hesabu hiyo ya mahobiti. Miezi 12 mara 30 ni 360, zinabaki siku 5, na hizo haziingii kwenye mwezi wowote, ni sikukuu: mbili wakati mwaka unageuka na tatu katikati ya mwaka, na kila baada ya miaka minne inaongezwa ya nne hapo hapo katikati (isipokuwa mwaka wa mwisho wa karne). Sasa ujanja ni huu, ile siku ya katikati kabisa ya mwaka na ile ya ziada hazipewi jina la siku ya wiki. Sio Jumatatu, sio Jumanne, zipo tu nje ya hesabu. Ukizitoa unabaki na siku 364, yaani wiki 52 kamili, kwa hiyo kila mwaka unaanza Jumamosi na kuisha Ijumaa na kila tarehe inaangukia siku ile ile milele. Ukizaliwa Alhamisi, birthday yako ni Alhamisi mpaka unazeeka. Ile sherehe ya kuzaliwa ya hobiti Bilbo ya tarehe 22 Septemba kitabu kinasema ilikuwa Alhamisi, na ukikaa na kalamu ukahesabu kuanzia mwanzo wa mwaka unafika Alhamisi kweli, maana miezi inaanza kwa mpangilio wa Jumapili, Jumanne, Alhamisi, Jumamosi, Jumatatu, Jumatano, halafu nusu ya pili ya mwaka inarudia vile vile.

Umeona siku gani haimo hapo? Ijumaa. Hakuna mwezi unaoanza Ijumaa, na Tolkien hakuliacha hilo kama hesabu tu, akawapa mahobiti utani wao: kitu kisichowezekana wanasema kitatokea "Ijumaa tarehe mosi", siku ambayo nguruwe wataruka na miti itatembea. Na kumbuka kwenye hiyo hiyo stori miti inakuja kutembea kweli! Hapo ndo mi navua kofia, kwa sababu utani wa aina hiyo anautoa mtu aliyeishi na kalenda yake mpaka akachoka nayo, na msomaji hahitaji kujua hesabu yoyote ili ahisi kwamba hawa watu wana kijiwe chao na maneno yao.

Ila kazi ngumu zaidi ilikuwa mwezi wa angani. Kuanzia tarehe 26 Februari mwaka 3019 wale wasafiri wa stori wanatawanyika, mahobiti Frodo na Sam upande mmoja, wengine wanaenda kwingine, na stori inasimuliwa kwa vipande virefu, unasoma kundi hili kurasa mia na zaidi ndo unarudi kwa kundi lile. Msomaji atajuaje nani yuko wapi wakati gani? Anga ni moja kwa wote. Usiku wa tarehe 7 kuamkia 8 Machi mwezi ni mpevu, Frodo ameamshwa anauangalia ukizama upande wa ufalme wa Gondor, na kwenye juzuu nyingine kabisa hobiti mwenzake Pippin, aliyepanda farasi pamoja na mchawi Gandalf, anauona mwezi huo huo na kujiuliza Frodo yuko wapi. Siku chache baadaye, tarehe 10, giza linatanda, asubuhi haiji, na makundi yote yanaliona giza hilo kila moja mahali pake. Ukishika tarehe hizo mbili unaweza kulipanga jeshi zima.

Na haikuja yenyewe. Mei 1944 Tolkien alimwandikia mwanae Christopher akilalamika kwamba miezi yake inafanya mambo yasiyowezekana, inachomoza sehemu moja ya nchi huku inazama sehemu nyingine wakati huo huo, na ikabidi arudi kurekebisha vitu vidogo vidogo kwenye sura kibao. Kwa anayeandika sasa hivi dawa ni jedwali la kawaida tu, safu moja ya tarehe, safu ya umbo la mwezi, na safu kwa kila kundi, halafu unaijaza kabla sura hazijawa nyingi. Mwezi mpevu unachomoza jua linapozama, hilali inaonekana magharibi jioni na kupotea mapema. Mhusika wako akiiona hilali saa sita usiku, watu wa pwani wanaojua kungojea mwandamo watakucheka.

Historia ya kale nayo ina kanuni yake, angalau kwa maoni yangu: wenyeji wasiijue vizuri. Mahobiti wanahesabu miaka kuanzia mwaka walipovuka mto kuingia Shire, nchi yao, kwa hiyo mwaka ambao wengine wanauita 3001 wao ni 1401 tu, na hiyo miaka 1600 ya kabla yao haiwahusu. Mfalme wa kaskazini alishapotea karibu miaka elfu moja iliyopita lakini bado wanasema watu washenzi ni wale "wasiomsikia mfalme". Na kwenye ile vita ya mwisho ya huyo mfalme, mahobiti wanadai walipeleka wapiga mishale kumsaidia, ila masimulizi ya wanadamu hayawataji kabisa. Sentensi moja tu, na ina uzito kuliko orodha ya wafalme hamsini, maana hapo unasikia watu wanaobishania yaliyopita, na mwandishi hakuambii nani mkweli.

Sio kwamba kila kitu kinanikaa sawa. Hiyo enzi yake ya tatu ina miaka 3021 na vita zinaanza kwa panga na kuishia kwa panga, sijui wahunzi walikuwa wamelala. Na kwenye The Hobbit, kitabu chake cha 1937, kuna mlango wa siri unaofunguka siku ya mwaka mpya wa vijeba, pale hilali ya mwisho ya vuli inapoonekana angani pamoja na jua, na kiongozi wao anakiri kwamba siku hizi hawana tena ujuzi wa kukadiria siku hiyo itakuja lini. Mzee, mwezi unaandama kila siku 29 au 30, unahesabu tu kwa vidole! Mvuvi yeyote wa Pemba angekukadiria kwa kukosea siku moja, labda mbili mawingu yakizidi. Mwaka 1960 Tolkien alijaribu kukiandika upya kitabu hicho, akaanza kuhangaika na umbali, siku za safari na miezi ya angani ili kila kitu kiendane na kile kikubwa, akaishia njiani. Kwa hiyo mlango ule bado unafunguka kwa bahati.