Kijana Akishika Kipanya, Mzee Hubaki na Saini

"Mtu amebakiza miaka mitano astaafu. Kuna haja gani ya kumtia darasani kumfundisha kompyuta, na vijana wenye diploma wamejaa Chake Chake hawana kazi?"

Anayeuliza hivyo hana roho mbaya. Umri wa kustaafu kwa lazima katika utumishi wa umma hapa Zanzibar ni miaka 60, na anayetaka anaweza kuondoka kwa hiari akiwa na 55. Mkuu wa kitengo mwenye fungu dogo la mafunzo anaona kwamba fedha atakazomtumia mtu wa miaka 24 zitamrudia kwa muda mrefu zaidi, na kwamba kazi haiwezi kusimama kumngoja mtu anayetafuta herufi moja moja kwenye kibodi. Lililo kweli pia ni kwamba mtu mzima, kwa kawaida, hujifunza chombo kipya polepole kuliko kijana. Hayo nayakubali. Nisilolikubali ni lile linalofuata kimyakimya, kwamba mzee akiwekewa kijana wa kumsaidia, tatizo limekwisha.

Tuchukue bohari ya dawa ya hospitali ya wilaya kisiwani Pemba. Tuseme mtunza bohari ana miaka 55, na kwa miaka 28 ameandika kadi: kila dawa na kadi yake, tarehe, kilichoingia, kilichotoka, baki, na tarehe ya kumaliza muda. Inakuja amri kwamba kumbukumbu zote zihamie kwenye Excel. Anaitwa kwenye semina ya siku moja, watu 40 ukumbini, mwalimu anaonesha ukutani kwa projekta, na kompyuta yenyewe inafika bohari baada ya wiki sita. Alichokiona amekwisha kukisahau, kama ambavyo angekisahau mtu yeyote ambaye mikono yake haikugusa kitu. Analetewa kijana. Kila mzee anapokwama, kijana anashika kipanya na kulimaliza mwenyewe kwa sekunde tatu, kwa heshima zote: "Niachie mimi, mzee wangu." Baada ya mwezi, kijana ndiye anayejua paswedi ya mzee, ndiye anayeingiza kila kitu kwa jina la mzee, na mzee anabaki kutia saini kwenye karatasi zilizochapwa.

Hapa ndipo napenda msomaji asimame nami, kwa sababu madhara yake hayaonekani siku ile. Mfumo unaandika kwamba ni mzee aliyeingiza, kumbe hakuingiza. Hesabu isipolingana na katoni zilizopo, mkaguzi atamwita yeye, naye hataweza kueleza mstari hata mmoja wa kazi inayobeba jina lake. Mtu aliyekuwa akijibu kwa kadi mkononi anajiona mzigo, na mtu wa namna hii anaweza kuomba kuondoka akiwa na 55. Tofauti ya kuondoka 55 na kuondoka 60 ni miezi 60 ya mshahara, na ni miezi 60 ya michango ya hifadhi ya jamii iliyokatika. Kijana hakumnyang'anya kazi kwa ubaya. Kila msaada wa sekunde tatu ulimwondolea zoezi moja, na mazoezi ndiyo yaliyokuwa mafunzo yenyewe.

Kwa upande wa pili, hospitali nayo inapoteza, na hili hutajwa mara chache. Kompyuta nyingi huja zikiwa zimewekwa kusoma tarehe kwa mtindo wa Marekani, mwezi kwanza. Kijana akiandika 03/04/2026 akikusudia tarehe 3 Aprili, Excel inaielewa kuwa 4 Machi. Akiandika 25/04/2026, kwa kuwa hakuna mwezi wa 25, Excel haioni tarehe kabisa. Inaihifadhi kama maneno tu. Dalili yake ni ndogo: tarehe ya kweli huegemea kulia ndani ya kisanduku, na iliyogeuka maneno huegemea kushoto. Orodha ikipangwa kuanzia dawa inayowahi kumaliza muda, zile zilizogeuka maneno hushuka chini kabisa, nyuma ya dawa za mwaka 2028. Katoni iliyostahili kutoka leo inabaki rafuni hadi iharibike. Mtu aliyezoea kadi, akisomeshwa orodha ile kwa utulivu, atashtuka mara moja, kwa sababu anajua kwa kichwa ni katoni gani inayokaribia kumaliza muda. Anachokosa ni kujua namna ya kuisahihisha: kubadilisha mpangilio wa tarehe wa kompyuta kisha kuandika upya zilizokosewa, au kuandika mwezi kwa herufi, 25-Apr-2026, ili pasiwe na utata.

Kwa hiyo mafunzo yanayomfaa yaanzie kwenye kadi anayoijua. Achukue kadi moja, ya paracetamol kwa mfano, na aihamishe mwenyewe mstari kwa mstari: safu ya C kilichoingia, D kilichotoka, E baki. Baki ya mstari wa tatu ni baki ya mstari uliotangulia, ongeza kilichoingia, toa kilichotoka:

```
=E2+C3-D3
```

Hesabu hii ameifanya kwa kalamu maelfu ya mara, na akiiona imeandikwa hivyo hahitaji kuelezwa maana yake. Anachohitaji kujua zaidi ni kosa lake la kawaida: mtu akiandika tarakimu juu ya fomula, mistari ya chini inaendelea kuhesabu kutoka kwenye tarakimu ile bila kutoa onyo. Hugundulika kwa kubofya kisanduku na kutazama mstari wa juu kama bado kuna alama ya =. Dakika 45, mara mbili kwa wiki, kwa wiki tano, watu wanne au watano pamoja, kila mmoja na kompyuta yake, na sharti moja kwa mwalimu: asiguse kipanya cha mwanafunzi.

Pana jambo la macho pia, ambalo vijana hulidhania ugumu wa kichwa. Kuanzia miaka ya arubaini lenzi ya jicho hukakamaa. Miwani ya kusomea hutengenezwa kwa umbali wa kitabu, kama sentimita 40, na kioo cha kompyuta hukaa kama sentimita 60. Mzee akivaa miwani yake haoni vizuri, akiivua haoni pia, basi anainua kidevu na kuchoka shingo. Kukuza ukurasa hadi asilimia 150, na kupunguza kasi ya kubofya mara mbili katika mipangilio ya kipanya, hakugharimu shilingi.

Haya yote hayatamfanya mtunza bohari wa miaka 55 aingize mistari 200 kwa siku kama kijana, na kumtaka afanye hivyo ni kumwonea. Kazi ya wingi apewe kijana, ila kwa jina la kijana na paswedi ya kijana. Mzee awe na jina lake la kuingilia, na sehemu yake iwe kuhakiki: kila Alhamisi achague dawa kumi, ahesabu katoni rafuni kwa mkono, alinganishe na safu ya baki, na kila tofauti aiandike yeye mwenyewe, kwa vidole vyake, hata ikimchukua asubuhi nzima.