Noti za picha: nakili kwanza, upange baadaye, muhtasari usubiri kuombwa

Mwanafunzi akituma picha nne za daftari kwa Wotsap na chini yake sentensi moja tu, "Anti, nisafishie hizi noti", mchapaji ana njia tatu: anakili neno kwa neno, azipange upya, au azifupishe. Sisi tunaochapa kwenye saiba hapa Kisumu tunakimbilia sana hiyo ya tatu, na naona tunawakosea watoto wa watu. Muhtasari unapendeza macho. Ukurasa mmoja, vichwa vimekolezwa, mteja anashukuru na kulipa. Kilichoachwa nje hakionekani, na mwenye noti atakigundua usiku wa kuamkia mtihani.

Chukua noti za uuguzi, ambazo huku kwetu huja kwa wingi: somo la matibabu ya malaria, dawa ya AL. Mwanafunzi ameandika kwamba mgonjwa mwenye kilo 35 kwenda juu hupewa tembe 4 kila dozi, dozi 6, jumla tembe 24. Chini yake kuna msururu wa saa: 0, 8, 24, 36, 48, 60. Mfupishaji ataandika "dozi 6 kwa siku 3" na kuona amemaliza. Si uongo, lakini jambo ambalo mhadhiri alilikazia limepotea: dozi ya pili hutolewa saa 8 baada ya ile ya kwanza, na siyo kesho yake wala jioni yoyote ile. Hilo ndilo swali la mtihani, na ndilo muuguzi atakalomweleza mgonjwa dirishani.

Sasa tuseme wino umepakazika na ile 8 inaweza kusomeka kama 3. Msururu wenyewe hausaidii, maana saa haziachani kwa kipimo kimoja. Lakini kwenye picha ya nne, chini kabisa, kuna mfano wa darasani: "ya kwanza saa 2 asubuhi, ya pili saa 10 jioni". Hesabu mwenyewe, ni saa 8. Jibu lilikuwa ndani ya noti hizo hizo, kwenye mstari ambao mfupishaji angeuruka kwa kuuona ni mfano tu. Ndiyo maana nasema kunakili kila kitu kuje kwanza, hata kama mteja hatapewa nakala hiyo. Kama mfano huo usingekuwepo, ningeandika [8 au 3?] nimwachie mwenye daftari aamue. Nisingekisia hata kama najua dawa hiyo hutolewaje, kwa sababu huenda ndivyo alivyoandika darasani na anahitaji kuliona kosa lake.

Nakala ikishakamilika, ndipo napanga. Kwangu "safisha", ikija bila maelezo mengine, maana yake ni hiyo: mpangilio mpya, bila kupoteza mstari. Mhadhiri huanza na AL, akaingia kwinini, kisha akakumbuka kusema AL inywewe pamoja na chakula chenye mafuta. Sentensi hiyo naihamisha iungane na wenzake chini ya AL, na hakuna aliyeumia.

Penye hatari ni pambizoni. Kati ya AL na kwinini kuna mshale mfupi na maneno "miezi 3 ya kwanza?" Je, mshale unaelekea juu au chini? Ukiyahamisha maneno hayo, tayari umechagua dawa ya mama mwenye mimba changa. Na usidhani ujuzi wako wa zamani utakuokoa: kwa miaka mingi kwinini ndiyo iliyotajwa kwa miezi hiyo, kisha mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likapendekeza AL. Mhadhiri angeweza kuwa anasema lolote kati ya hayo mawili, au anaeleza mabadiliko yenyewe. Mstari huo unabaki palepale, katikati ya dawa zote mbili, pamoja na alama yake ya kuuliza. Alama hiyo ni swali la mwanafunzi. Ukiifuta, umegeuza shaka yake kuwa ukweli.

Kurasa nyingine hazifai hata kupangwa. Zikiwa ni fasili alizotoa mhadhiri kwa imla, au hatua za hesabu, naziacha neno kwa neno, maana mpangilio wake ndio somo.

Nikirudisha kazi naambatisha mistari miwili: nilichohamisha, na mahali penye mabano. Kisha namuuliza, "Unataka pia muhtasari wa kubeba?" Akikubali, nautoa kwenye nakala kamili na kuutuma kama faili ya pili, huku ile kamili ikibaki naye.