Betri za risasi zenye kaboni: nusu chaji haiziui tena haraka, lakini nini kinaziua?

Betri ya risasi ya kawaida haipendi kukaa nusu. Kila inapotoa umeme, risasi ya pleti hasi hugeuka kuwa chembe ndogo za salfeti ya risasi. Ukiijaza mapema, chembe hizo huyeyuka na kurudi kuwa risasi. Ukichelewa, zile ndogo huyeyuka na kujijenga upya juu ya zile kubwa, hadi pleti inavaa gamba gumu ambalo chaji ya kawaida hailiondoi.

Kwenye sola hali hiyo ni ya kila msimu wa mawingu. Chukua betri ya volti 12 na ampea-saa 200. Usiku nyumba inatumia ampea-saa 60, mchana paneli zinarudisha 50 tu. Baada ya siku saba jioni inaanza na 130, alfajiri inabaki na 70. Haijazimika, taa zinawaka, mwenye nyumba hana habari, kumbe salfeti inakomaa kimyakimya.

Kaboni inaingia hapo. Watengenezaji wa Japani walionyesha katika miaka ya 1990 kwamba kuongeza kaboni kwenye pleti hasi kunarefusha maisha ya betri inayofanya kazi bila kujaa. Sababu bado zinajadiliwa, lakini tatu zinatajwa zaidi: kaboni inapitisha umeme hadi kwenye salfeti iliyojitenga, inazuia chembe zisikue, na inaongeza eneo ambalo risasi mpya inaweza kujengeka wakati wa kuchaji. Kwa mtumiaji matokeo ni rahisi kuona: jua likirudi, betri hupokea ampea nyingi kwa muda mrefu zaidi, wakati ile iliyoshikwa na salfeti hupanda volti 14.4 upesi, mkondo unaanguka, na kidhibiti chaji kinadhani imejaa.

Hadi hapo naiunga mkono kaboni bila kusita. Shaka yangu ni kwamba sehemu kubwa ya sifa zake ilitokana na majaribio ya mkondo mkubwa, kama ya magari ya haibridi, ambako betri huchajiwa na kutumika kwa vipindi vifupi vikali. Salfeti huko hujikusanya juu ya uso wa pleti hasi, na ndipo kaboni inapofanya kazi kubwa. Sola ni polepole. Betri inatoa umeme usiku kucha, salfeti inaenea ndani kabisa ya pleti, na kinachoiua mara nyingi kiko upande wa pili: pleti chanya. Fremu yake inaliwa na kutu, unga wake unalegea na kumomonyoka. Kaboni haiisaidii pleti hiyo, kwani ikiwekwa huko huoksidishwa na kuisha. Joto nalo linabaki adui yule yule. Kila nyuzi 10 za ziada hupunguza umri takribani kwa nusu, iwe kuna kaboni au hakuna.

Upande hasi nao una gharama zake. Kaboni hurahisisha haidrojeni kutoka wakati wa kuchaji, hivyo maji hupungua. Betri ya wazi utaiongezea maji yaliyotoneshwa, iliyozibwa huwezi, na ikikauka imekwisha. Watengenezaji hodari huchagua aina ya kaboni na kupima kiasi kwa uangalifu. Kilichoandikwa «kaboni» kwenye boksi hakikuambii lolote kuhusu hilo. Jina hilo hilo hubeba betri yenye kaboni kidogo ndani ya unga, na pia UltraBattery ya CSIRO, shirika la utafiti la Australia, ambayo pleti yake hasi imeunganishwa na kapasita ya kaboni. Hizo ni bidhaa mbili tofauti.

Kwa hiyo ukisoma «mizunguko» kwenye karatasi ya betri, uliza imepimwa kwa mkondo gani, katika joto gani, na ilijazwa kabisa kila baada ya mizunguko mingapi. Kipimo cha kimataifa cha IEC 61427-1 kinafaa zaidi kwa sola, kwani kinaizungusha betri kwenye nyuzi 40, kwanza ikiwa na chaji ya chini, kisha ikiwa na chaji ya juu.

Mfumo unaojaa karibu kila siku haunufaiki sana na kaboni. Pesa hiyo ni bora iende kwenye paneli. Mfumo unaokaa wiki kadhaa bila kujaa unanufaika, ila bado nisingeuacha bila kuujaza kabisa mara kwa mara: volti za kumalizia kama mtengenezaji anavyoagiza, hadi mkondo ushuke karibu ampea 2 hadi 4 kwa betri ya 200. Na kila mwaka ipime: ijaze, itoe ampea 10 mfululizo hadi ifike volti 10.8. Ikidumu saa 20 ni nzima. Ikidumu 16 imebaki na asilimia 80, na hapo ndipo wengi huihesabu kuwa imefika mwisho wa maisha yake.